Kanuni za Mnunuzi Zinapofika Kihambani

Mkataba wa kuuza kahawa nje ya nchi mara nyingi huwa mfupi kuliko viambatisho vyake. Bei, daraja la kahawa, idadi ya magunia na tarehe ya kupakia melini hukaa kwenye kurasa chache. Nyuma yake hufuata kijitabu cha Kiingereza kiitwacho kanuni za mwenendo za wauzaji, ambamo mnunuzi wa Ulaya au Marekani anaeleza watu watendewe vipi na ardhi itunzwe vipi huko mzigo wake unakotoka. Mwenyekiti wa AMCOS anatia saini, katibu anagonga muhuri, na kuanzia siku hiyo mkulima mwenye mibuni 200 kwenye mteremko wa Kilimanjaro anahesabiwa kuwa ameahidi mambo ambayo hajayasoma.

Ndipo hutafutwa mtu wa kutafsiri. Aghalabu ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari ya jirani, au binti wa mwanachama aliyemaliza chuo, na hupewa siku chache kwa sababu mkaguzi yuko njiani. Anatafsiri sentensi baada ya sentensi, karatasi inachapwa na kubandikwa ukutani karibu na mizani. Mkaguzi anapofika anaikuta na kuweka alama ya vema. Kisha anatoka nje, anamfuata mchumaji mmoja aliyekaa na debe lake, na kumuuliza: ukinyimwa ujira wako unamwambia nani? Hapo ndipo mambo huharibika.

Mwalimu hana kosa. Kiswahili chake huenda ni kizuri kuliko cha bodi nzima. Tatizo ni kwamba kanuni hizi hazikuandikwa kwa ajili ya mtu mwenye jembe mkononi. Ziliandikwa na mwanasheria, zisomwe na meneja wa kampuni yenye idara ya rasilimali watu, stoo ya vifaa na daftari la mahudhurio. Ushirika wa wakulima hauna idara hizo. Una bodi, karani wa mizani, wakulima mamia kadhaa ambao kila mmoja ni bosi kwake, na vibarua wanaokuja msimu wa mavuno na kuondoka. Anayetafsiri hukutana kila sentensi na swali ambalo kamusi haina jibu lake: hili linamhusu nani?

Mfano wa wazi ni Kanuni ya Msingi ya ETI, muungano wa kampuni, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya kiraia ulioundwa Uingereza mwaka 1998. Ina vipengele 9 tu, imejengwa juu ya mikataba ya Shirika la Kazi Duniani, na wanunuzi wengi wa Uingereza wameichukua karibu neno kwa neno kwenye kanuni zao, kisha wakaongeza vifungu vyao vya mazingira. Kwa kuwa iko wazi kwa umma, inafaa kuonyesha jinsi kazi hii inavyoendeshwa pale inapofanywa vizuri.

Watoto na debe la kahawa

Kipengele cha 4 kinahusu watoto. Sentensi yake ya kwanza inasema hakutakuwa na uajiri mpya wa watoto. Ukiitafsiri hivyo hivyo na kuibandika peke yake, msomaji makini atauliza, na kwa haki, kama wale walioajiriwa zamani wanaruhusiwa kuendelea. Kanuni haikukusudia hivyo. Sentensi inayofuata inawataka wahusika washiriki katika mipango ya kumtoa kazini mtoto aliyekutwa akifanya kazi, aende shule na abaki huko mpaka atakapovuka umri wa utoto. Kwa hiyo sentensi hizi mbili husomwa pamoja, na Kiswahili chake kizifunge pamoja.

Kisha kuna umri. Kanuni ya ETI inamhesabu kuwa mtoto yeyote aliye chini ya miaka 15, isipokuwa kama sheria ya nchi imeweka umri wa juu zaidi, au kama nchi imeweka miaka 14 kwa kutumia nafasi ambayo Mkataba Namba 138 wa mwaka 1973 unazipa nchi zinazoendelea. Tanzania ni miongoni mwa nchi hizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na mwenye miaka 14 inamruhusu kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya na makuzi yake wala kumkosesha shule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inamtambua mtoto kuwa ni mtu wa chini ya miaka 18, na inakataza kazi za usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Hapo pana mtego. Katika sheria ya Tanzania kijana wa miaka 17 ni mtoto. Katika Kanuni ya ETI si mtoto tena, ni kijana mfanyakazi, na ana ulinzi wake: hafanyi kazi ya usiku wala ya hatari. Mfasiri akitumia neno moja, mtoto, kwa wote wawili, waraka utasema kwamba kijana wa miaka 17 hawezi kuajiriwa kabisa, jambo ambalo si kanuni wala sheria inayolisema. Njia salama ni kuacha majina ya makundi na kuandika umri wenyewe kila mahali: chini ya miaka 14, na miaka 14 hadi 17. Waraka unakuwa mrefu kidogo, lakini hakuna anayebishana na tarakimu.

Hata hivyo, swali gumu kuliko yote hubaki. Mtoto wa mkulima akitoka shule akamsaidia mama yake kuchuma nusu debe kwenye kihamba chao, je, hiyo ni ajira? Maafisa wetu husema utumikishwaji wa watoto, na neno hilo linabeba maana ya kunyonywa, tofauti kabisa na mtoto kufundishwa kazi za nyumbani. Karatasi ya ukutani ikisema tu kwamba kazi za watoto ni marufuku, kila mzazi anajiona mvunja sheria. Matokeo yake yanajulikana kwa yeyote aliyewahi kuona ukaguzi: siku ya mkaguzi watoto wote wanafichwa, hata wale ambao hawajakosea lolote, na mkaguzi mzoefu akiona kijiji kisicho na mtoto hata mmoja saa 10 jioni anaanza kushuku.

Mavuno ya kahawa Kilimanjaro huanza kwenye Julai na kusonga hadi Desemba, na muhula wa pili wa shule unaangukia miezi hiyo hiyo. Ndiyo maana shule inahitaji kutajwa kwa saa, si kwa sifa. Maandishi ya mkulima yanaweza kuwa hivi: Mtoto wako haachi shule kwa ajili ya kahawa, hata siku moja. Baada ya masomo anaweza kukusaidia kazi nyepesi ukiwa naye. Hashiki dawa wala bomba la kupulizia, habebi gunia, hagusi mashine ya kumenyea inapozunguka. Usimlipe ujira mtoto wa jirani aliye chini ya miaka 14 ili akuchumie. Kama kanuni ya mnunuzi haisemi lolote kuhusu msaada wa nyumbani, mfasiri asijaze pengo kwa kichwa chake. Katibu amwandikie mnunuzi, apate jibu kwa maandishi, na jibu hilo ndilo liingie kwenye karatasi.

Kuna na sehemu ya mwisho ambayo hurukwa mara nyingi: akikutwa mtoto kazini, nini kifanyike? Wengi hudhani jibu ni kumfukuza palepale na kumkana. Kanuni inataka kinyume. Mtoto anaandikwa, mzazi anaitwa, afisa ustawi wa jamii na mwalimu wanahusishwa, na chama kinaonyesha baada ya miezi kadhaa kwamba yuko darasani. Mkulima asipoambiwa hivyo kwa lugha yake, atafukuza, na kumfukuza mtoto arudi kwenye umaskini uliomleta shambani ndiko kunakohesabiwa kuwa kushindwa.

Sheria ya nchi au ya mnunuzi

Karibu kila kanuni ya aina hii ina sentensi inayosema kwamba pale sheria ya nchi na kanuni zinapogusa jambo moja, itafuatwa ile inayomlinda mfanyakazi zaidi. Kwa Kiingereza ni mstari mmoja. Kwa mfasiri ni kazi ya siku mbili au tatu, maana lazima afungue sheria za nchi na kuzilinganisha na kanuni kifungu kwa kifungu, la sivyo tafsiri yake itawafundisha watu kiwango kisicho sahihi.

Saa za kazi zinaonyesha hilo vizuri. Kanuni ya ETI inasema saa za kawaida zisizidi 48 kwa wiki, na jumla pamoja na za ziada isizidi 60 ndani ya siku 7. Sheria ya Tanzania inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, 9 kwa siku. Saa za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki 4, zilipwe angalau mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, na siku moja isizidi saa 12 kwa jumla. Hakuna upande mmoja unaoshinda kote. Kwenye saa za kawaida sheria ya nchi ni kali zaidi, hivyo 45 ndiyo inayoandikwa. Kwenye jumla ya wiki moja, mwajiri angeweza kurundika saa za ziada nyingi kwenye wiki ya kilele cha mavuno bila kufikisha 50 za mwezi, na hapo kikomo cha kanuni cha 60 ndicho kinachomlinda kibarua. Karatasi ya Kiswahili itakuwa na namba kutoka pande zote mbili, na mwalimu aliyetafsiri mstari kwa mstari asingeweza kulijua hilo.

Halafu kuna jambo ambalo sheria na kanuni zote hazikulitamka kwa jina lake. Mchumaji wa kahawa halipwi kwa saa, analipwa kwa debe. Wakulima wengi wanaamini kwamba anayelipwa kwa kipande hana saa za kazi. Akitaka achume mpaka giza. Kwa hiyo sentensi moja ya Kiswahili inahitajika ambayo haimo kwenye Kiingereza: andika saa aliyoanza na saa aliyoondoka, hata kama unamlipa kwa debe.

Debe linafundisha na jingine. Kanuni inakataza makato ya ujira kama adhabu. Ukisema makato ya kinidhamu kwenye mkutano wa wachumaji, watakutazama tu. Ukisema kukatwa debe kwa sababu umechanganya mbichi na mbivu, wote watainua mikono, kwa maana karibu kila mmoja ameshakatwa. Mkulima ana haki ya kudai kahawa iliyoiva na kumrudishia mchumaji achambue; kumnyang'anya debe zima kama fundisho ndiko kunakokatazwa.

Neno chama, na kazi za msaragambo

Sehemu nyingine ambapo maneno ya kawaida hugeuka ni haki ya wafanyakazi kujumuika. Ukiandika kwamba kila mfanyakazi ana uhuru wa kujiunga na chama, mwanakijiji anasoma chama cha ushirika. Kibarua anajibu kwamba hana kahawa, atajiungaje? Mwingine anafikiria chama cha siasa. Lazima iandikwe chama cha wafanyakazi, na ikiwezekana utajwe mfano: TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani na kilimo nchini Tanzania. Viongozi wengine wa ushirika hawapendi jina hilo lionekane ukutani kwao. Lakini ndilo walilotia saini.

Kazi ya kulazimishwa nayo ina utata wake wa nyumbani. Kilimanjaro na Upareni watu huitwa msaragambo kusafisha mfereji, kuchonga barabara, kujenga darasa, na asiyetokea hupigwa faini. Mgeni anayesoma kanuni kwa ukali anaweza kuiona faini hiyo kuwa shuruti. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 imetenga kazi ndogo za jumuiya zinazofanywa na wanajumuiya kwa manufaa yao, baada ya wao au wawakilishi wao kushauriwa. Tafsiri nzuri inauweka mpaka huo wazi: kusafisha mfongo wa kijiji kwa makubaliano ya kijiji ni msaragambo, kuitwa msaragambo ili mkachume kahawa ya mwenyekiti siyo.

Kipengele hicho hicho kinakataza mwajiri kushikilia kitambulisho cha mfanyakazi. Nacho kinafaa kutafsiriwa kwa kitu kinachojulikana. Kibarua anayetoka mkoa mwingine huombwa aache kadi ya NIDA au ya kura kama dhamana ya godoro na panga. Hakuna anayeiita kazi ya kulazimishwa, kwa hiyo hakuna atakayejua kwamba inahusika mpaka iandikwe hivyo.

Maji, na sentensi zisizo na mtu

Vifungu vya mazingira vina ugonjwa wao. Vimejaa kauli ya kutendwa: maji machafu yatibiwe, kumbukumbu zitunzwe, vyombo vya viuatilifu viteketezwe kwa usalama. Kiswahili kinazipokea sentensi hizo bila shida yoyote ya sarufi, na ndiyo hatari yake. Zinasomeka vizuri na hakuna mtu ndani yake.

Chukua kifungu cha maji machafu. Kahawa mbivu ikishamenywa hubaki na ulenda mtamu. Huoshwa, na maji yake yanachacha, yanakuwa makali kama siki, na yakiingia mtoni hula hewa ambayo samaki na wadudu wa majini wanaihitaji. Siku chache baadaye mto unanuka. AMCOS ya mfano wetu ina mtambo wa pamoja wa kumenyea karibu na kijito, lakini nusu ya wanachama humenya nyumbani kwa mashine ya mkono, na maji yake huishia kwenye mfongo, mfereji ule ule unaopeleka maji kwa majirani wa chini. Sentensi moja ya Kiingereza inahusu watu wawili tofauti. Msimamizi wa mtambo anatakiwa achimbe mabwawa ya kutuamisha maji, apime ukali wake na aandike vipimo. Mkulima anatakiwa achimbe shimo mbali na mfongo na amwage humo. Ukimpa mkulima sentensi ya msimamizi ataona haimhusu, na ukimpa msimamizi sentensi ya mkulima atachimba shimo moja la kutosha mashine ya mkono.

Umbali kutoka kingo za maji ni mtihani mwingine. Tuseme kanuni ya mnunuzi inataka mita 5 zisizolimwa pembeni mwa kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 shughuli za kudumu au zile zinazoweza kudhuru chanzo. Mfasiri akiandika 5 na kunyamaza, anawapa wakulima usalama wa uongo. Akifuta 5 na kuandika 60, ameandika kanuni ambayo mnunuzi hakuitoa, na pengine amewatia hofu watu ambao mibuni ya babu zao imesimama hapo tangu kabla ya sheria. Linalofaa ni kuandika 5 kama ilivyo, kuweka maelezo chini kwamba sheria ya nchi inasema 60, na kuipelekea bodi ya chama swali la mibuni ya zamani ili ikaulize Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Ukivuka mpaka kwenda Kenya, kipimo kinachotajwa ni kuanzia mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto, na hiyo ni sababu mojawapo kwa nini tafsiri iliyofanywa Nyeri haifai kunakiliwa Moshi, ingawa zote ni Kiswahili.

Wanaoifanya kazi hii kwa umakini wameishia kwenye njia moja: maandishi mawili badala ya moja. La kwanza ni tafsiri kamili, yenye namba za vifungu zilezile za Kiingereza, isiyoongeza wala kupunguza. Hiyo ni ya bodi, mwanasheria na mkaguzi. La pili ni mwongozo uliogawanywa kwa kazi ya mtu, ukurasa mmoja kwa mkulima, mmoja kwa anayeajiri vibarua, mmoja kwa karani wa mizani, mmoja kwa msimamizi wa mtambo, na kila sentensi ya mwongozo ina namba ya kifungu ilikotoka. Yakichanganywa hayatimizi kazi yoyote: mkulima anapewa lugha ya mkataba, na bodi inakuta mkataba umejaa ushauri ambao mnunuzi hakuusema.

Kwenye mwongozo ndipo maneno kama vifaa stahiki vya kinga yanapogeuka kuwa buti, glavu za mpira, miwani, barakoa na ovaroli, kwa anayepulizia dawa ya chulebuni au ya kutu ya majani. Ndipo pia ngazi ya wajibu inapotengenezwa. Kanuni za Kiingereza hutofautisha amri, ushauri na ruhusa kwa kitenzi kimoja kidogo. Kiswahili chetu kikisema mkulima avae glavu, inaweza kuwa amri na inaweza kuwa nasaha ya mjomba. Kwa hiyo mwongozo uchague maneno manne na kuyashika mwanzo hadi mwisho: lazima, ni marufuku, inashauriwa, anaruhusiwa. Aliyefeli kwenye lazima anaweza kukisimamisha chama kizima. Aliyefeli kwenye inashauriwa anapewa muda.

Kujua kama imeeleweka

Kuhudhuria mafunzo si kipimo. Daftari la mahudhurio lenye saini 80 linathibitisha kwamba watu 80 walipata soda. Kipimo kinachofaa ni rahisi na hakihitaji fedha nyingi: msomee mtu kifungu kimoja, funga karatasi, mwombe akueleze kwa maneno yake, kisha mpe kisa. Kijana wa jirani ana miaka 13, kesho ni Jumamosi, anataka hela ya daftari, utamchukua akuchumie? Ukiuliza watu 6 au 7 wa aina tofauti, wakiwemo mwanamke mzee anayefikiri kwa Kichaga na kibarua kutoka mkoa mwingine, sentensi mbovu zitajitokeza zenyewe. Zile ambazo kila mtu anazijibu tofauti ndizo za kuandikwa upya. Tafsiri kamili nayo ipewe mtu mwingine ambaye hajaona Kiingereza chake, aigeuze kuwa Kiingereza, ilinganishwe na ya mwanzo.

Jaribio hili hufichua zaidi kwenye kifungu cha malalamiko. Sheria ya Ujerumani ya minyororo ya ugavi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, iliwataka wanunuzi wakubwa wawe na njia ya malalamiko inayoweza kutumiwa hata na watu walio mbali nao kwenye mnyororo, na wanunuzi wakaishusha chini mpaka kwenye AMCOS. Tafsiri nyingi huishia kusema: toa taarifa kwa uongozi. Muulize mchumaji wa kike afanye nini kama karani anayepima debe lake anataka rushwa ya ngono ili asimpunje. Uongozi anaoujua yeye ni karani huyo na binamu yake mwenyekiti. Jibu analotoa ni moja: atanyamaza. Basi mwongozo utaje njia mbili angalau, moja ndani ya chama kwa mwanamke aliyechaguliwa na wachumaji wenyewe, na nyingine nje, ikiwa na namba ya simu inayopokewa kwa Kiswahili. Na useme waziwazi kwamba aliyelalamika hafukuzwi, hanyimwi kazi msimu ujao na hatengwi. Kulipiza kisasi kukibaki neno la jumla, kila mtu atadhani ni kupigwa.

Kinachobaki ni nguvu ya karatasi yenyewe. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema kwamba nakala ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa pakitokea tofauti. Maana yake ni kwamba mkulima anafundishwa kwa lugha moja na kuhukumiwa kwa nyingine, na kosa la mfasiri analilipa yeye. Chama hakina sababu ya kulikubali hilo kimya. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya utoaji haki Tanzania, na mnunuzi anaweza kuombwa mambo matatu kabla ya saini: agharamie tafsiri na majaribio yake, kwa sababu kanuni ni zake, aidhinishe tafsiri kamili ya Kiswahili kama kiambatisho cha mkataba, na akubali kwamba mwanachama aliyefuata mwongozo ulioidhinishwa hataadhibiwa kwa kosa la tafsiri. La tatu hulikwepa wengi. Lile la pili ni gumu kulikataa.

Kanuni hizi hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na karatasi ya ukutani haijui kwamba imepitwa. Mwanachama ambaye jina lake limo kwenye orodha ya wauzaji na aombe kwa katibu nakala yake ya Kiswahili kabla ya mavuno, na kwanza kabisa atazame kama ina tarehe, namba ya toleo na jina la aliyeiidhinisha.